Deni la Karo na Majira ya Kusi: Namna ya Kumwomba Mwalimu Mkuu Mpango wa Kulipa kwa Mafungu

Nimeulizwa baada ya darsa na mzee mmoja katika wavuvi wa mji wetu, na nyuma yake wakauliza wengine watatu, swali lililo moja: mtu aliyekosa pato msimu mzima, na mtoto wake yuko skuli, na karo imemlimbikia, aende kwa mwalimu mkuu akaseme nini? Aombe asamehewe? Akope mahali pengine alipe? Au anyamaze mpaka mtoto arudishwe nyumbani na barua mkononi? Nikaona swali hili lastahiki jawabu la kuandikwa, kwa kuwa wengi wetu twaingia katika jambo hili kila mwaka majira yale yale, na kila mwaka twaingia kwa mlango usiokuwa wake.

Nitaleta mfano wa mtu mmoja ambaye khabari zake nazijua, na ameniruhusu kuzieleza. Tumwite Zaid, kama ilivyo ada ya waalimu wa nahau wakitaka kupiga mfano.

Khabari ya Zaid

Zaid ana mashua yake ndogo, huvua kwa mishipi yeye na mabaharia wawili. Binti yake yuko skuli ya sekondari ya serikali, skuli ya bweni, na karo yake kwa mwaka ni shilingi 40,000. Skuli za serikali katika Kenya hufuata mgawanyo wa 50, 30 na 20 katika mia: nusu ya karo hulipwa muhula wa kwanza, thuluthi kasoro hulipwa muhula wa pili, na khumsi hulipwa muhula wa tatu. Basi kwa Zaid ni shilingi 20,000 mwezi wa Januari, shilingi 12,000 mwisho wa Aprili, na shilingi 8,000 mwisho wa Agosti.

Msomaji aliyezaliwa pwani ataona mara moja shida iko wapi. Januari ni kaskazi. Bahari ni shwari, vyombo vyaenda mbali, na samaki wapo. Zaid alilipa zile 20,000 zote na akapewa risiti. Lakini muhula wa pili huanza mwisho wa Aprili, na huo ndio wakati kusi yaingia. Mwezi wa Juni, Julai na Agosti mashua ndogo hukaa pwani siku nyingi kuliko siku zinazokwenda, na hata ikienda haivuki mwamba. Karo ya muhula wa pili ni ndogo kuliko ya kwanza, lakini kwa mvuvi ndiyo nzito, kwa sababu yaja na mkono mtupu.

Mwezi wa Mei Zaid alikwenda skuli na shilingi 1,000. Mwalimu mkuu akamwuliza, "Na zilizobaki?" Zaid akajibu, "Inshallah mwezi ujao nitamaliza zote." Mwezi ujao ulikuwa Juni. Kusi ilivuma kwa nguvu, na Zaid hakupata cha kulipa. Na kwa kuwa aliona haya, hakupiga simu wala hakwenda. Mwezi wa Julai binti akaletwa nyumbani na barua, akakaa siku tisa, akakosa majaribio ya katikati ya muhula. Zaid akaenda kwa mwenye duka la mtaani, ambaye tayari alikuwa amwia 4,000 za unga na mchele, akakopa 2,000 nyingine, akamrudisha mtoto. Basi muhula ulipokwisha alikuwa amelipa 3,000 katika 12,000, skuli yamwia 9,000, na duka lamwia 6,000. Na Agosti mwisho zilikuwa zaja 8,000 za muhula wa tatu. Jumla ya deni la skuli siku ya kufungua ni shilingi 17,000.

Hapo ndipo alipokuja kwangu.

Kosa lilikuwa wapi

Nalimwambia kwamba umasikini wake haukuwa kosa, kwani upepo hauko mkononi mwake. Kosa lilikuwa katika lile neno "mwezi ujao nitamaliza zote". Alilisema hali yeye mwenyewe, aliyeiona kusi tangu utoto wake, ajua kuwa Juni hapana kitu. Na aliliwekea "inshallah" mbele, akadhani limemtosheleza. Neno hilo tukufu halikuwekwa liwe pazia la ahadi ambayo msemaji wake hana nia wala njia ya kuitimiza. Mwalimu mkuu hakusikia khabari ya kusi. Alisikia ahadi, akaiandika katika daftari lake, na Juni ilipopita akamhesabu Zaid katika wale wasemao uwongo.

Na yatupasa tujue mwalimu mkuu yuko katika hali gani, ili tusimdhanie kuwa ana moyo wa jiwe. Katika skuli ya serikali ya bweni, serikali hutoa ruzuku ya masomo kwa kila mwanafunzi, na karo ya wazazi ndiyo inunuayo chakula, na kulipa wapishi, maji na taa. Mwenye kuleta maharagwe na mahindi ataka fedha zake. Tena mwalimu mkuu si mwenye mali. Yuko chini ya halmashauri ya skuli, naye ni katibu wake, na hesabu zake hukaguliwa. Kusamehe deni si jambo la kalamu yake peke yake. Lakini kukubali kungoja, na kuandika deni litalipwa lini, hilo aweza, na waalimu wakuu wengi hulifanya kila muhula.

Kwa hivyo mzazi aendaye kuomba msamaha aomba kitu ambacho yule hana ruhusa ya kukitoa, naye hutoka na jawabu la "hapana". Mzazi aendaye kuomba muda, na muda huo ameupima, aomba kitu kilichomo mikononi mwa yule.

Sharia na kanuni zasemaje

Katika Suratul Baqara, aya ya 280 yamhusu mdaiwa aliye katika dhiki, kwamba angojwe mpaka apate wasaa. Na aya ya 282, ambayo ndiyo ndefu kuliko zote katika Kurani, yaamrisha deni la muda liandikwe. Ziko karibu karibu, na kuna fundisho katika ukaribu huo. Watu wengi katika sisi huipenda ile ya kwanza wakaisahau ya pili: twataka kungojwa, lakini hatutaki kuandikwa. Na wanazuoni wamefarikisha baina ya mwenye dhiki kweli na mwenye uwezo ambaye huchelewesha tu. Yule wa pili hana haki ya kungojwa. Basi mwenye kuomba muda yampasa aonyeshe kuwa yuko katika fungu la kwanza, na hilo huonyeshwa kwa hesabu.

Ama kanuni za nchi, Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, kifungu cha 29, yasema kuwa skuli ya serikali haifai kumkataza mtoto kuhudhuria masomo kwa sababu ya kutolipa malipo yaliyoruhusiwa. Ni vizuri mzazi alijue hili. Lakini ajue pia mpaka wake. Sheria hiyo yamlinda mtoto asifukuzwe darasani. Haifuti deni, wala haiwahusu wenye skuli za binafsi kwa namna ile ile, kwani huko karo ni mapatano baina ya mzazi na mwenye skuli. Na mimi simshauri mtu kuingia ofisini na kifungu cha sheria mdomoni. Mwenye kuomba muda akianza kwa kutisha, hujenga ukuta mahali alipotaka mlango. Silaha hiyo iwekwe kwa siku ambayo mlango umefungwa kabisa.

Watu wameniuliza kadhalika: je, kulipa kwa mafungu ni riba? La. Ikiwa deni ni 17,000 na utalipa 17,000 kwa miezi mitano, hapana ziada, na hapana riba. Ziada ya kucheleweshwa ndiyo yenye shaka, kama vile skuli ya binafsi kusema kila mwezi uchelewao utaongeza kadha. Ukiona sharti hilo katika karatasi ya mapatano, omba lifutwe kabla hujatia sahihi. Na mkopo wa simu wa siku 30, mbali na ziada yake, una ila nyingine kwa mvuvi: siku zake ni fupi kuliko kusi. Mwenye kuukopa Julai atadaiwa Agosti, na Agosti upepo ni ule ule.

Hesabu kabla ya barua

Nalimwambia Zaid asiende skuli mpaka tumekaa na daftari. Alikwenda kwa tajiri anunuaye samaki wake, wakafungua kitabu cha msimu wa kaskazi uliopita. Ikaonekana kuwa wiki njema, baada ya mafuta na mafungu ya mabaharia, Zaid hubaki na shilingi 7,500 hivi. Katika mwezi, wiki moja huharibika: injini, au maradhi, au samaki kutoonekana. Basi tukahesabu wiki tatu tu, yaani 22,500 kwa mwezi. Chakula na mahitaji ya nyumba ni 3,000 kwa wiki, yaani 12,000 kwa mwezi. Duka alipwe 1,500 kila mwezi, kwa kuwa deni lile nalo ni amana shingoni. Chombo na mishipi, 2,000. Kikabaki shilingi 7,000 kwa mwezi, kuanzia Oktoba, maleleji yaingiapo na bahari kuanza kutulia, mpaka Machi.

Mwezi wa Septemba tuliuhesabu kuwa hauna kitu, illa fedha chache za mke wake, ambaye hupika mahamri asubuhi. Alikuwa ameweka shilingi 2,000, akazitoa ziwe za kutanguliza, na akasema aweza kupata 1,000 nyingine Septemba.

Zaid alitaka kuandika 5,000 kila mwezi kuanzia Septemba, kwa kuwa yapendeza kutazama na yamaliza upesi. Nikamwuliza, "Septemba utazitoa wapi?" Akanyamaza. Mpango mzuri wa kutazama ambao fungu lake la kwanza litavunjika ni mbaya kuliko mpango mdogo utakaosimama, kwa sababu mwalimu mkuu atakupima kwa fungu la kwanza. Basi tukaandika hivi:

Siku ya kufungua, mwisho wa Agosti: 2,000.
Mwisho wa Septemba: 1,000.
Mwisho wa Oktoba: 4,000.
Mwisho wa Novemba: 5,000.
Mwisho wa Disemba: 5,000.
Jumla: 17,000.

Mtu aweza kuuliza: ikiwa Oktoba, Novemba na Disemba Zaid hubaki na 7,000 kila mwezi, mbona asizitoe zote akamaliza deni mapema? Jawabu ni kwamba Januari yaja, na Januari yataka 20,000. Hapa ndipo wazazi wengi huanguka. Hulipa deni la zamani kwa nguvu zao zote, wakafurahi mwisho wa Disemba, na wiki ya pili wamekuwa wadeni upya. Katika mpango huu Zaid aweka 3,000 Oktoba, 2,000 Novemba na 2,000 Disemba, akifika Januari ana 7,000 za kutanguliza muhula wa kwanza. Zilizobaki 13,000 azilipa 5,000 mwisho wa Januari, 4,000 Februari na 4,000 Machi.

Na katika miezi hiyo mitatu yabaki akiba: 2,000, kisha 3,000, kisha 3,000, jumla 8,000. Tena deni la duka, likilipwa 1,500 kila mwezi tangu Oktoba, laisha Januari. Basi 1,500 za Februari na za Machi nazo zaingia katika akiba, ikawa 11,000. Karo ya muhula wa pili ni 12,000. Kusi ikiingia Aprili, Zaid apungukiwa na 1,000 tu mahali alipopungukiwa na 9,000. Hilo ndilo lengo la hesabu yote: kulipa deni la kusi iliyopita, na kuilipia kusi ijayo kwa fedha za kaskazi.

Barua

Barua iandikwe kabla ya siku ya kufungua, ipelekwe ofisini kwa mwalimu mkuu, si kwa mwalimu wa darasa, ambaye hana mamlaka nalo. Kwanza mzazi aende kwa karani wa fedha aombe karatasi ya hesabu ya mtoto wake, ahakikishe deni ni lile alijualo. Zaid alipofanya hivyo alikuta kweli ni 9,000. Lakini mwenziwe alikuta malipo yake ya 2,000 yameandikwa kwa mtoto mwingine, kwa kuwa alipotuma hakutia nambari ya usajili ya mwanawe. Ndiyo barua ya Zaid hii:

"Kwa Mwalimu Mkuu. Mimi ni mzazi wa mwanafunzi mwenye nambari ya usajili iliyo juu. Kwa mujibu wa hesabu niliyopewa na ofisi yako, nadaiwa shilingi 9,000 za muhula wa pili, na shilingi 8,000 za muhula huu, jumla 17,000. Mimi ni mvuvi wa mashua ndogo. Tangu Mei hadi sasa kusi imenizuia, na pato langu halikutosha chakula cha nyumba. Karo ya muhula wa kwanza niliilipa yote Januari, na risiti ninayo. Mwezi wa Mei nilikuahidi kumaliza Juni nami sikutimiza wala sikukuarifu. Kwa hilo nakutaka radhi. Naomba uniruhusu kulipa deni hili kwa mafungu kama ilivyoandikwa hapa chini, kuanzia shilingi 2,000 nilizozilipa leo. Naomba mwanangu abaki darasani na afanye mitihani muda nitimizapo mpango huu. Ikitokea mwezi nisioweza kufikisha fungu lake, nitakuja kukuarifu kabla ya siku yake, nami nitaleta nilicho nacho."

Tazama mambo yaliyomo. Deni limetajwa kwa kiwango chake, halikupunguzwa. Sababu imetajwa kwa maneno machache, bila ya kilio. Imetajwa ahadi iliyovunjika. Na hili Zaid hakulitaka, alisema ni kujidhalilisha. Nikamwambia mwalimu mkuu analo katika daftari, na likitoka kinywani mwako lina uzito mwingine kuliko likitoka kinywani mwake. Kisha yaliyoombwa ni mambo mawili tu: muda, na mtoto kubaki darasani.

Yaliyopita ofisini

Zaid alikwenda amevaa vizuri, na risiti zake ndani ya bahasha, na zile 2,000 amekwisha kuzilipa benki katika hesabu ya skuli, karatasi mkononi. Mwalimu mkuu akaisoma barua, akasema, "Mzee Zaid, mpaka tufunge muhula mwisho wa Oktoba utakuwa umeleta 7,000 katika 17,000. Mimi nalisha watoto sasa, silishi Disemba."

Zaid akasema, "Ni kweli, Mwalimu. Lakini Septemba upepo haujaondoka. Nikikuandikia zaidi nitakuwa nakudanganya mara ya pili."

Mwalimu mkuu akafikiri, akasema, "Basi fungu la Oktoba lifanye 5,000, na Novemba iwe 4,000, niwe na la kuwaambia halmashauri."

Zaid akaangalia daftari lake. Oktoba ana 7,000; akitoa 5,000 atabaki na 2,000 badala ya 3,000, na Novemba atabaki na 3,000 badala ya 2,000. Jumla ni ile ile. Akakubali. Lau kuwa hakuhesabu nyumbani, angalikubali chochote kwa haya, au angalikataa chochote kwa hofu.

Kisha akafanya jambo ambalo nalimsisitizia: aliomba mwalimu mkuu aandike makubaliano juu ya barua, atie sahihi, tarehe na muhuri, na nakala moja Zaid akaenda nayo. Waalimu wakuu huhamishwa. Anayekuja baadaye hakuisikia ahadi iliyosemwa kwa mdomo, na karani wa fedha akipewa amri ya kuwarudisha wenye madeni, hutazama orodha ya majina tu. Karatasi yenye muhuri ndiyo itakayosema kwa niaba ya mtoto, hali babake yuko baharini. Nakala ya tatu Zaid alimpa binti yake aiweke sandukuni mwake.

Baada ya makubaliano

Mambo matatu huvunja mpango ulio mzuri.

La kwanza ni kulipa mkononi. Fedha zipelekwe katika hesabu ya benki ya skuli au kwa njia ya simu iliyotangazwa na skuli yenyewe, pamoja na nambari ya usajili, na risiti itakiwe kila mara. Mwenye kumpa mwalimu fedha njiani, hata akiwa ni rafiki yake, amejiondolea ushahidi, na amemtia yule katika tuhuma.

La pili ni kunyamaza mwezi mbaya ukija. Mwezi wa Novemba injini ya Zaid iliharibika siku kumi na mbili. Fungu lake lilikuwa 4,000, naye alikuwa na 2,500. Siku nne kabla ya mwisho wa mwezi alimpigia simu karani wa fedha, akatuma zile 2,500, akasema 1,500 zitakuja na fungu la Disemba. Karani akaandika pembeni. Hapakuja barua wala ukali. Mwezi wa Juni alikosa akanyamaza, mtoto akarudishwa; mwezi wa Novemba alikosa akasema, mtoto akabaki na jina lake likabaki zuri. Disemba alituma 6,500, akaiacha akiba yake kama ilivyo, na kilichopungua akakitoa katika fungu la chombo.

La tatu ni kutegemea basari kana kwamba iko mfukoni. Mzazi na ajaze fomu, na skuli imtilie muhuri, na aombe, si aibu. Lakini asiandike katika mpango wake fedha ambazo hajui zitakuja lini wala ni kiasi gani. Zikija, na aombe zikate mafungu ya mwisho, siyo ya mwanzo, ili aendelee kulipa kama alivyoahidi na amalize mapema. Na baada ya kila muhula aombe karatasi mpya ya hesabu, alinganishe na risiti zake moja moja. Fedha za Januari huenda karani akazitia katika deni la zamani na mzazi adhani amelipa muhula mpya; hapo hutokea ugomvi ambao kila mmoja yuwaona ana haki.

Na lipo jambo moja la nyumbani. Binti ya Zaid zile siku tisa za Julai alikaa ndani, hakutaka kutoka mashoga zake wasimwone. Babake hakumwambia lolote, alidhani mambo ya fedha si ya watoto. Mwezi wa Agosti nalimshauri amkalishe amweleze: tuna deni kadha, tutalipa hivi na hivi, na karatasi hii hapa. Mamake akaniambia baadaye kuwa usiku ule ndipo mtoto alipofungua vitabu tena. Mtoto ajuaye hesabu ya nyumba yao hubeba mzigo wake. Asiyeambiwa hubeba mzigo mkubwa zaidi, kwa kuwa aukisia gizani.

Mwenye kazi isiyokuwa ya bahari na abadili majina tu. Mfanya kazi wa mahoteli ya pwani msimu wake mbaya huanguka pia katika Aprili, Mei na Juni, wageni wapungukapo; mwenye kuuza nazi na maembe ana miezi yake. Kila mmoja na ajiulize: fedha zangu huingia mwezi gani, na karo huitwa mwezi gani? Aandike miezi kumi na miwili katika ukurasa mmoja, upande huu pato na upande huu karo, kabla hajaandika barua. Atakayetaka kusaidiwa hesabu hiyo na aje baada ya darsa, na aje na risiti zake. Lakini aje kabla ya skuli kufunguliwa, asije siku ambayo mtoto yuko mlangoni na sanduku lake.

Wallahu aalam.